Hana Malalamiko

Hospitalini kila mtu alimwita Sista Barua, ingawa usista aliuacha siku mgongo ulipomshinda. Miaka ishirini na miwili alikuwa wodi ya wanaume, na wanaume ni wazito kugeuza. Walipomhamishia ofisi ya bima alisema amepewa kiti ili asife amesimama. Tulikaa naye chumba kimoja, mimi nikiingiza madai kwenye kompyuta, yeye akiandika rufaa, yaani barua za kuzijibu kampuni za bima zinapokataa kumlipia mgonjwa aliyelazwa. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka zamani, na ukifungua kabati bado unasikia harufu ya sabuni ya unga.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Chai alikunywa bila sukari, akisema sukari kawaachia wenye jambo la kufurahia. Mumewe alikuwa ametangulia, na mwanawe wa pekee aliolewa mbali. Jioni yeye ndiye aliyefunga mlango, na hakuna aliyemwuliza mbona hana haraka, kwa kuwa wote tulijua nyumbani kwake hakuna anayemngoja.

Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, mjane wa mpiga chapa mmoja mstaafu, ameshika bahasha kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa. Mumewe alilazwa kwetu siku saba kwa ugonjwa wa mapafu, kitanda cha kumi na moja. Akapona, akarudi nyumbani. Wiki tano baadaye alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, moyo ukasimama. Matanga yalipokwisha ndipo barua ya bima ikafika. Dai la siku zote saba lilikuwa limekataliwa. Daktari wao mhakiki aliandika kwamba kumbukumbu za wodi hazioneshi ulazima wa kitabibu wa kumlaza, kwamba mgonjwa angeweza kutibiwa akitokea nyumbani, na kama ushahidi alinukuu maandishi ya muuguzi ya usiku wa pili: "Amelala vizuri, hana malalamiko."

Sasa bili yote ilikuwa juu ya familia. Lakini si bili iliyomleta huyo mama akiwa amevimba macho. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ndiye mdhamini aliyetia saini siku ya kulazwa, kwa hiyo nakala ya barua ilikwenda kwake pia. Akaisoma mbele ya ukoo mzima. Akasema kumbe kaka yake hakuwa hata mgonjwa, alikuwa na kikohozi tu, mke ndiye aliyetaka kupumzika nyumbani akampeleka mume hospitali kama anayepeleka kuku sokoni. Huko wakamchosha kwa madawa, ndiyo maana moyo ukachoka. Wengine waliguna. Hakuna aliyembishia, maana barua ilikuwa na muhuri.

"Mdogo wangu," mjane alimwambia Sista, "pesa nitatafuta, hata kwa kuuza kitanda. Mimi nataka waandike kwamba alikuwa mgonjwa. Waandike kwa muhuri huohuo."

Sista alisoma barua ile mara mbili. Aliangalia tarehe. Rufaa huruhusiwa ndani ya siku thelathini, na barua ilikuwa imezurura kwa shemeji na kwa wajomba kiasi kwamba zilibaki siku saba. Akamwambia mama aende nyumbani, asile maneno ya watu, ale chakula. Mama alipotoka, Sista alikaa akiutazama mstari ule wa usiku wa pili mpaka chai yake ikafanya utando.

Nilidhani anatafuta kosa la daktari wa bima. Kumbe alikuwa ameliona la kwake.

Alimwita muuguzi aliyeandika maneno yale, dada mnene mcheshi ambaye wagonjwa humwita Kipenga kwa sauti yake. Kipenga alifika akicheka. Alipooneshwa barua kicheko kikamkauka. Sista akamwuliza kwa upole kama ni kweli mgonjwa alilala vizuri usiku ule. Kipenga akasema hata hakumbuki, ila hivyo ndivyo wanavyoandika kila usiku, kwa kila kitanda, labda mtu awe anakata roho. Kisha akasema, bila ubaya wowote:

"Lakini Sista, si wewe uliyetufundisha?"

Sista akasema ndiyo, ni yeye.

Na ilikuwa kweli. Enzi zake wodi ilikuwa na vitanda arobaini na wauguzi wawili wa usiku. Aliona wasichana wanaandika hadithi ndefu huku dripu zinaisha, akawaambia waache riwaya: andikeni amelala vizuri, hana malalamiko, tieni saini, mrudi kwa mgonjwa. Ilikuwa ni huruma. Aliyefundishwa akamfundisha mwenzake, na mwaka huu sentensi ile ilikuwa bado inaandikwa na watoto ambao hawajawahi kumwona akiwa na sare.

Siku mbili zilizofuata hakufanya jambo jingine. Aliteremka chumba cha mafaili na mgongo wake ule, akarudi na faili la kitanda cha kumi na moja. Maelezo ya wauguzi yalikuwa mafupi kama salamu za watu waliogombana, lakini chati ilisema mengi. Chati ya vipimo huandikwa kwa namba kila baada ya saa nne, na namba huwezi kuzifupisha. Usiku uleule wa kulala vizuri, mgonjwa alikuwa akipumua mara thelathini na mbili kwa dakika, na oksijeni ya damu ilikuwa asilimia themanini na nne barakoa ilipomtoka. Kwenye kona ya chati Kipenga mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Anamwita marehemu mama yake. Hajui yuko wapi." Hilo hakulihesabu kuwa lalamiko. Sista akachukua na daftari la mitungi ya oksijeni, ambalo hutunzwa na fundi wa mitungi wala si wauguzi. Lilionesha kitanda cha kumi na moja kimepewa mitungi mfululizo tangu siku ya kwanza hadi ya nne.

Barua ya rufaa lazima iungwe mkono na daktari aliyemtibu. Huyu alikuwa binti mrefu, mwaka wake wa tatu kazini, naye alikuja na rasimu iliyojaa hasira: mnakaa kwenye viyoyozi, mnahukumu watu msiowaona. Sista aliisoma yote, akaikunja.

"Mwanangu, hasira yako ni ya haki, lakini haina kiambatisho. Mpe namba. Yule naye ni daktari. Akiona namba ataona aibu mwenyewe."

Wakaandika pamoja, mimi nikipiga chapa. Nakumbuka sehemu hii:

"Mgonjwa, umri miaka sabini na mmoja, alipokelewa na nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei. Alikuwa amechanganyikiwa, akipumua mara thelathini na mbili kwa dakika, na yurea ya damu imepanda kupita kiwango. Ukijumlisha na umri, hizo ni alama nne kati ya tano katika kipimo cha ukali wa nimonia kinachotumiwa na madaktari. Kuanzia tatu, mgonjwa hulazwa. Alihitaji oksijeni mfululizo na antibayotiki za mshipa, huduma ambazo hazikuweza kutolewa nyumbani. Siku ya nne, alipovuliwa barakoa ili ale, oksijeni ilishuka hadi themanini na saba. Siku ya tano alihamishiwa vidonge, akaangaliwa usiku kucha bila oksijeni.

"Kuhusu maneno 'hana malalamiko': hayo ni maneno ya mazoea katika wodi yetu, na kosa ni letu. Chati ya usiku huohuo imeambatishwa. Mgonjwa hakulalamika kwa sababu hakuwa na pumzi ya kulalamikia."

Sentensi ya mwisho daktari alitaka ifutwe, akisema si ya kitabibu. Sista akasema ni ya kitabibu kuliko zote. Ikabaki.

Wakafika siku ya sita na ya saba, wakakwama. Siku hizo mgonjwa hakuwa na homa, oksijeni ilikuwa tisini na tano bila msaada, anatembea mwenyewe hadi msalani. Alibaki kwa sababu zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na daktari bingwa wa kutia saini ya kumruhusu alikuwa amesafiri. Daktari kijana alisema tuandike alihitaji uangalizi, nani atajua. Sista akakataa. Akasema wakikuta uongo mmoja wataitupa na kweli yote. Akaandika kwamba siku hizo mbili hospitali haizitetei kwa hoja ya kitabibu. Ni ucheleweshaji wetu. Halafu akapanda kwa mhasibu mkuu kuomba zifutwe, kwa kuwa kosa la hospitali halimpasi mgonjwa. Walibishana karibu saa nzima, ila alirudi na saini.

Barua ilitumwa siku mbili kabla ya mwisho. Jioni ile Sista alikwenda wodini wakati wa kupokezana zamu, akasimama katikati ya vitanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, akawaambia wauguzi kwamba lile neno alilowafundisha wasiliandike tena. Kipenga akauliza sasa waandike nini. Akamjibu waandike walichokiona. Kipenga akasema basi waongezewe daftari, na wauguzi wawili.

Majibu yalikuja wiki ya tatu. Ulazima wa kulazwa umekubaliwa, siku ya kwanza hadi ya tano. Mjane aliitwa. Aliomba asomewe mstari ule, kisha asomewe tena, kisha akaomba nakala mbili, moja ya shemeji. Hakufurahi. Alikaa tu, mabega yakamshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo akakumbuka hana pa kwenda. Sista akamweleza kuhusu zile siku mbili, kwamba zimefutwa, hadaiwi kitu.

"Hizo niachieni," mjane alisema. "Nitalipa mwenyewe."

Sista akamwambia hapana, lilikuwa kosa letu, angepaswa kuwa nyumbani kwake tangu Jumamosi.

"Nyumbani pana watu, dada. Wanaingia, wanatoka, shemeji na mambo yake. Jumamosi ile alipata pumzi tukakaa kwenye benchi nje ya wodi. Miaka arobaini na moja, sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Alinitaka radhi kwa jambo la zamani. Jumapili tukacheka. Alipotoka hapa tukaingia kwenye watu, mpaka alipoondoka. Mimi sina siku nyingine naye ila hizo. Msizifute."

Mhasibu alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo, na kwamba hana fomu yake. Ikabidi Sista apande tena kuomba kinyume cha alichoomba mwanzo.

Mama alilipa kidogo kidogo, miezi minne. Siku ya mwisho aliomba risiti iandikwe tarehe za siku zile mbili. Keshia akamwambia risiti huandikwa tarehe ya leo, mama, ndiyo utaratibu. Sista alikuwa amesimama nyuma yake. Aliichukua ile risiti dirishani, akaigeuza, akaandika nyuma kwa mkono wake, Jumamosi na tarehe yake, Jumapili na tarehe yake, akatia saini. Kisha akampa, wakatoka pamoja hadi getini.