Kipimo Alichokizoea

Kaka yangu ni seremala, na kwa ubishi hana mpinzani. Ubao ukipinda huulowesha, huubana kwenye jiliwa, kisha husubiri. Amenyoosha mbao nyingi kwa njia hiyo, ndiyo maana alidhani atamnyoosha na mwanawe.

Mwanawe, tuliyemwita Mrefu kwa kuwa aliinama kwenye kila mlango, alikuwa akijidunga unga. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya waraibu. Asubuhi wanapanga foleni, wanakunywa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga, mbele ya macho yetu, tunataniana kidogo, wanakwenda zao. Mrefu alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameanza kunawiri na kushika tena randa.

Kaka hakuridhika. "Mmemtoa kwenye dawa mkampa dawa," aliniambia karakanani, nyusi zimejaa vumbi la mbao. "Hapo mmefanya nini?"

"Hii haimlevyi, kaka. Inamzuia asiumwe, apate utulivu wa kufanya kazi. Ni mgonjwa."

"Malaria ni ugonjwa. Mbu haombi ruhusa. Huyu mkono wake mwenyewe ndio unaoshika sindano. Mimi sigara niliachaje? Niliamua."

Nilimeza hasira, nikamweleza kama ninavyowaeleza wazazi wote. Kichwani mna njia inayotufundisha kipi kinafaa kurudiwa. Ukila una njaa au ukisifiwa, kemikali iitwayo dopamini inamwagika, nawe unajifunza. Unga huimwaga kwa wingi ambao chakula wala sifa haviufikii, hivyo ubongo hujifunza kupita kiasi, tena pamoja na vyote vilivyokuwapo: ile kona, yule rafiki, kile kijiko. Baadaye mtu akiiona kona tu, hamu inampanda. Mwili nao hujizoesha, kilichotosha jana leo hakitoshi. Mrefu mwenyewe alishaniambia, "Shangazi, raha iliisha zamani. Najidunga nisiumwe tu."

"Kwa hiyo hana akili yake?" kaka akauliza.

"Anayo. Wapo wengi walioacha kwa kuamua, wewe ukiwa mmoja wao, sikukatalii. Ila yeye anaamua kwa ubongo uleule uliofundishwa vibaya."

"Mwanangu namjua," akasema, akarudi kwenye msumeno wake.

Juma lililofuata Mrefu hakuonekana kliniki. Kaka alikuwa amemfungia kwenye stoo ya mbao nyuma ya karakana, tena kwa ridhaa ya kijana mwenyewe, maana alitamani sana baba yake amwone mwanamume. Nilikwenda nikagombana na ule mlango mpaka majirani wakatoka. Ndani nilimsikia akitapika. Kisha akasema, "Nenda shangazi, nitaweza."

Na aliweza, hilo ndilo linaloniua. Alitetemeka, akaharisha, akakosa usingizi, ikapita. Alipotoka alikuwa amekonda lakini macho yametulia. Kaka akamkabidhi funguo za karakana mbele ya mafundi wote, na sijawahi kumwona kaka yangu akitabasamu namna ile.

Nilimvuta pembeni. "Sasa ndipo penye hatari. Mwili umeshapoteza mazoea, lakini kichwa hakijasahau kitu. Akirudia kipimo chake cha zamani kitamuua. Mlete tumwanzishie dawa upya, kidogo kidogo."

"Amepona. Wewe unaogopa kukosa mteja," akanijibu kwa sauti, mafundi wakacheka. Nikamfuata Mrefu, nikamwambia hayohayo. Akanikumbatia. "Niko sawa, shangazi."

Kaka, kwa kuonyesha anavyomwamini, akamtuma gundi peke yake. Duka la gundi liko mtaa uleule aliokuwa akijidungia. Rafiki yake wa zamani alituambia Mrefu alipita, akasimama, akarudi, akaomba kiasi kilekile alichokizoea. Alipojidunga akalegea, rafiki aliogopa, akakimbia. Tulimkuta ameegemea ukuta, midomo ya buluu, kopo la gundi mapajani.

Baada ya maziko nilimkuta kaka karakanani amekaa bila kazi. Aliongea bila kuniangalia.

"Niambie moja tu, dada. Kama ni ugonjwa, nilimfungia mgonjwa nikamnyima dawa. Kama ni kuamua, basi mwanangu aliamua kuniacha. Lipi?"

Wazazi huniuliza swali hilo, nami huwa na jibu: kuna ugonjwa humo na kuna kuamua humo, na vyote viwili ni kweli. Siku hiyo nilimtazama nikaona jibu langu halimwachii pa kushika. Nilikuwa na hasira naye, na nilimhurumia pia.

"Sijui alichokiamua pale kwenye kona," nikasema. "Najua stoo aliingia kwa hiari yake. Aliingia kwa sababu alikupenda."

Kaka akafunika uso kwa viganja.

"Bora ungesema aliniacha," akasema.