Flati ya Mkwe

Siku mitambo ya analogi ilipozimwa, runinga ya mama mdogo ilijaa chenga. Alikuwa na hoteli ya chai pale Utemini, mabenchi manne na meza zenye nailoni ya maua, na kwenye rafu ya kona ilikaa runinga yenye chogo ambalo ndama angelala ndani akajigeuza. Watu walikunywa chai mpaka tumbo linalia, wakaongeza chapati, ili mradi wasiondoke kabla taarifa ya habari haijaisha. Sasa ikawa chenga tupu, na ule mlio wa kukaanga vitunguu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli nyingine. Mwenyewe alikuwa amenunua king'amuzi mapema, kabla havijaisha mjini. Ndani ya wiki mbili wateja wa mama mdogo walivuka barabara mmoja mmoja, wengine wakipita kwa nyuma ya nyumba ili asiwaone. Aliwaona wote. Mama yangu huyu angeweza kumwona nzi anayekwepa deni.

"Wakivuka wote nafunga," aliniambia siku moja, akifuta meza ambayo haikuwa na mtu. "Nikishafunga, nyumba hii italishwa na nini?"

Alikuwa mjane, na hoteli ndiyo iliyokuwa baba wa watoto.

Basi akaamua kununua runinga mpya, ya zile zisizohitaji king'amuzi. Jumamosi ile timu ya taifa ilikuwa inacheza saa kumi jioni, na mama mdogo, kabla hata hajaiona hiyo runinga, alishawatangazia watu: njooni, mtaona kila jasho la mchezaji. Akaniomba nimsindikize dukani. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, darasa la watu wazima wenye ndevu na wajukuu. Kwa ukoo wetu hiyo ilitosha. Redio ikikohoa, niitwe. Ng'ombe akigoma kula, niitwe.

Shida ilikuwa duka lenyewe. Mwenye duka alikuwa mkwe. Mwanawe alikuwa ameshamposa binti wa mama mdogo, mahari imepokelewa, imebaki ndoa tu. Alikuwa mzee wa Kiislamu wa ukoo wa wafanyabiashara, mwenye kanzu nyeupe kuliko maziwa, na milango ya biashara ya nje ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuleta Singida pasi, feni na redio kutoka kila nchi yenye kiwanda. Kwetu mkwe unamsalimia huku unatazama chini. Kitu anachokupa hukigeuzi-geuzi mbele yake, maana utakuwa umemwambia hadharani kwamba humwamini. Na kitu kilichotoka kwa mkwe hakirudishwi. Ukikirudisha, umerudisha na mengine.

Tulifika saa tano asubuhi. Mlangoni palibandikwa karatasi ya maandishi ya mkono: FLATI ZA DIJITALI, HAZIHITAJI KING'AMUZI.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Ndiye msomi wetu wa jioni huyu? Macho yamezoea mwanga wa mchana?"

Akacheka, tukacheka. Kisha akamgeukia mama mdogo kwa adabu. "Mkwe, yako nimeshaiweka kando. Nyembamba kama sahani."

Kweli ilikuwa nyembamba, flati isiyo na chogo. Kwenye katoni iliandikwa DIGITAL kwa herufi ambazo mtu angezisoma akiwa Ihanja. Mzee akaiwasha, akachomeka deki ya sidii, na hapo hapo akatokea mwanamuziki mwenye suti ya kung'aa, rangi zake zinakaribia kuchafua ukuta. Mama mdogo akaweka mkono kifuani.

"Nimeridhika, mkwe. Tufungieni."

Mimi bado sikuridhika. Kile alichotuonyesha kilikuwa kioo tu. Deki inaleta picha yake yenyewe, kwa waya wake, hata kama runinga haijui kukamata kitu hewani. Bosi wetu kule mashineni alikuwa amenunua runinga yenye king'amuzi ndani yake, na mimi ndiye niliyeitafutia chaneli, kwa hiyo nilijua inavyofanya. Ukiingia kwenye kutafuta chaneli inakuuliza: analogi, dijitali, au zote mbili? Hii hakuna aliyeiuliza wala iliyemuuliza.

"Mzee, samahani, naomba rimoti niangalie kitu kimoja."

Mama mdogo alinifinya kiunoni. Alama ile ya kucha, nikitaka, naweza kuionyesha hadi leo.

"Anataka kujifunza," akawahi kusema. "Mtoto wa shule."

"Ajifunze," alisema mzee, akanipa rimoti. Kicheko hakikuwepo tena.

Nikafungua menyu, nikaingia kwenye chaneli. Palikuwa na kutafuta kwenyewe, kutafuta kwa mkono, na mfumo wa sauti wenye herufi zake, BG, DK, I. Neno dijitali halikuwepo. Nikazunguka nyuma, nikainama kwenye kile kibandiko cha fedha chenye voti na wati. Nilikuwa natafuta herufi chache tu, DVB-T2, zile zinazosema kifaa kinakamata matangazo ya dijitali ya antena ya kawaida. Nikasoma kibandiko chote mpaka jina la kiwanda. Hazikuwepo.

"Umeona nini huko nyuma, kijana?" mzee akauliza.

Kina mama wawili waliokuwa wanachagua pasi wakaacha kuchagua.

"Mzee, naona kama hii haina king'amuzi cha ndani."

"Flati?" Akaniangalia kana kwamba nimemwambia kuku wake hana mdomo. "Flati haina dijitali? Hiyo katoni imeandikwa na nani, na mke wangu?"

"Mzee, dijitali ya kwenye katoni inaweza kuwa sauti, inaweza kuwa picha..."

"Mwanangu," mama mdogo akanikata, sauti imeshuka hadi sakafuni, "unampima mkwe wangu mbele za watu?"

Niliona usoni mwake kwamba ameshabeba vitu viwili vizito, hoteli mkono huu na harusi ya binti mkono ule, na mimi nimesimama namwambia achague cha kudondosha. Ningenyamaza, flati ingeenda Utemini, saa kumi ingefika, watu wangejaa, na kioo kingewaonyesha chenga nyembamba za kisasa. Baada ya hapo wangevuka barabara moja kwa moja.

Mzee ndiye aliyekata shauri, kwa hasira. "Leteni waya wa antena!"

Antena ilikuwa juu ya paa la duka. Waya ukashushwa, ukachomekwa nyuma ya flati. Nikabonyeza kutafuta. Mstari ukaanza kutembea, asilimia kumi, ishirini. Nimepanda Mlima Hanang kwa muda mfupi kuliko mstari ule. Mama mdogo alikuwa anasogeza midomo, nadhani dua. Arobaini. Sabini. Mia. Chaneli zilizopatikana: sifuri. Kioo chote chenga.

"Antena ndiyo mbovu," mzee akasema haraka. "Upepo wa juzi."

Na hapo, kwa haki, alikuwa na hoja. Antena ikielekea kusiko, hata runinga yenye kila kitu itatoka kapa.

"Basi mzee, tuijaribu antena yenyewe. Nyumbani una king'amuzi?"

Akaingia mlango wa nyuma, maana nyumba yake ilikuwa uani, akarudi amekishika king'amuzi kwa mikono miwili. Nikautoa waya wa antena kwenye runinga, nikauchomeka kwenye king'amuzi. Nikaunga nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kutoka king'amuzi kwenda kwenye runinga, na kwa rimoti nikaihamisha runinga iende kwenye AV, ipokee picha ya nyaya hizo. Antena ile ile. Runinga ile ile. Paa lile lile.

Akatokea mtangazaji wa kike, anasoma bei za mahindi, safi kabisa.

Hakuna aliyeshangilia. Sasa kila mtu dukani alijua kuwa antena ni nzima, na flati ya mkwe hakika haina kitu ndani. Mzee alisimama akimsikiliza yule dada wa mahindi mpaka akamaliza. Nilisubiri anifukuze, nikawa nahesabu kichwani ni nani atakayetumwa kwenda kuomba radhi na kama atakubaliwa.

Mama mdogo ndiye aliyeongea, akitazama chini kama inavyotakiwa. "Mkwe, mimi nashukuru. Ingeniumbua hotelini ningelia peke yangu. Hapa tuko nyumbani."

Mzee akaenda mlangoni, akaibandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Walioniuzia Kariakoo waliniapia," alisema. "Na mimi nimewaapia watu watatu. Hao nitawatafuta mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Wewe. Chomoa vyote. Chukua runinga, chukua na king'amuzi."

"Mzee, hiki ni cha nyumbani kwako."

"Madukani vimeisha hadi mzigo mwingine uje. Unataka mkwe wangu awaonyeshe watu saa kumi chenga? Chukua kabla mke wangu hajatoka jikoni."

Tuliondoka na vitu kwenye guta la mizigo kama watu walioiba. Saa tisa na nusu hotelini palishajaa, hata wale wa kupita nyuma ya nyumba wamekuja kuchungulia. Nikaunga kila kitu kama kule dukani, na king'amuzi kikaandika: hakuna ishara. Benchi la mbele likaguna. Mtu mmoja akasema, "Ng'ambo kule inaonyesha," akainuka. Mama mdogo akamwekea chapati mbele bila kuombwa, naye yule mtu akakaa tena.

Antena ya pale ilifungwa kwenye mti mrefu nyuma ya jiko. Nikatoka, nikaushika, nikaanza kuuzungusha pole pole, huku mama mdogo amesimama dirishani akisoma ule mstari wa ishara. "Imekuja kidogo! Imeondoka! Rudi! Rudi nyuma, mwanangu, hapo, usipumue!" Sikupumua. Nadhani sikupumua hadi wimbo wa taifa ulipoanza kusikika ndani, na hoteli nzima ikapiga kelele zilizofika Ilongero.

Timu yetu haikushinda, lakini sufuria za chai ziliisha zote, na kesho yake nusu ya waliovuka barabara walirudi.

Jioni ya siku hiyo ya pili akaja mzee mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, akaketi benchi la nyuma na kuagiza chai ya tangawizi. Kwake hakukuwa na cha kutazama. Akaja na kesho yake. Mzigo wa ving'amuzi ulipofika mjini aliuza vyote, kwa kuchomeka kila kimoja kwenye antena mbele ya mnunuzi, lakini cha kwake alisahau kuweka, akaendelea kuja kutazama hotelini kila jioni. Siku ya harusi mkewe alimwambia mama mdogo mbele ya kina mama wote: "Mkwe, binti umetupa, tumeshukuru. Sasa nirudishie mume."