Hodi kwa Kamera ya Mama

Fundi alikuwa na hasira za kuzaliwa nazo, lakini za siku ile alipewa na kaka yake.

Hilo la Fundi ni jina la kazi, wala nyumbani hakuna anayemwita vingine. Hutengeneza mashine za kutolea kopi, na chini ya ngazi ya nyumba yake ameweka kompyuta kuukuu inayotunza picha za ukoo, hati za nyumba, na kuendesha kamera ya chumbani kwa mama yao, ambaye tangu aanguke hainuki bila kushikwa. Kamera aliiweka ili akiwa jikoni aone mama asijaribu kushuka kitandani peke yake. Programu yake haikuwa na nenosiri, kwani ilikuwa ya kutazamwa humo humo ndani.

Asubuhi hiyo alikuwa akimwogesha mama kwa kitambaa. Akasikia kijimota kikilia. Kamera ikageuka, ikawatazama, ikainama na kuinuka mara mbili.

Fundi aliirushia shuka.

"Mwache, mwanangu," mama akasema huku akicheka. "Ni kaka yako huyo. Kila asubuhi hunisalimu hivyo, nami humpungia mkono."

Fundi akampigia kaka yake hapo hapo, mikono bado ina povu. Huyo huishi mji mwingine, na likizo iliyopita alikuja kukaa siku tatu.

"Kaka, huna haya? Unamtazama mama akiogeshwa?"

"Kumtazama nani? Mimi hiyo kamera sijaifungua tangu mwezi wa pili."

"Uliifunguaje ukiwa huko?"

Kaka akaeleza, kama mtu anayesimulia jambo dogo, kwamba siku zile tatu aliingia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, akafungua mlango mmoja, ili programu ya kamera ipatikane kutoka popote. "Wewe na masharti yako ungenisumbua tu. Na nani atajua anwani yenyewe?"

Nani atajua! Fundi alifungua kumbukumbu za programu ile: anwani ngeni kadhaa zilizopita zikichungulia tu, na moja iliyorudi kila asubuhi kwa miezi minne. Kuna mashine zinazozunguka mtandaoni kutwa kucha zikijaribu kila mlango, hazihitaji kuambiwa na mtu. Kwa ghadhabu alikosea kuandika nenosiri lake mwenyewe.

Hakwenda kazini. Aliweka proksi, yaani programu bawabu, mbele ya vyote, ikawa ndiyo pekee ya kupokea wageni wa nje. Kila ajaye husimamishwa hapo, akaulizwa jina, nenosiri na tarakimu sita kutoka kwenye simu yake. Akishatambulika ndipo proksi humchukulia picha kutoka ndani na kumletea. Asiyetambulika haifikii kamera hata kidogo. Akawafungulia ndugu wote majina.

Kisha akazima waifai ya simu, akawa kama mtu wa nje, akajaribu. Akaulizwa jina. Vizuri. Akajaribu na ile anwani ya zamani aliyoitumia kaka.

Shuka iliyoifunika kamera ikatokea kiooni, bila swali lolote.

Fundi alitukana tusi ambalo mama yake hajui kama mwanawe analijua. Mlango alioufungua kaka ulikuwa bado wazi kwenye ruta, unapita pembeni ya proksi moja kwa moja. Kuweka bawabu mbele na kuacha uwazi nyuma! Akaufuta. Akaiamuru na programu ya kamera isipokee yeyote ila proksi. Akajaribu tena: hakuna picha. Ndipo akaitoa shuka.

Jioni kaka akapiga. "Yaani mimi nipige hodi kumwona mama yangu mzazi?"

"Ndiyo, upige! Mgeni aliyemwona uchi miezi minne hakupiga, na aliyemfungulia ni wewe. Jina lako nimekutumia. Kesho saa mbili ingia, umsalimu. Anakungoja."

"Sawa, sawa. Nitaingia."

Kesho yake mama aliomba achanwe nywele mapema. Saa mbili akaikazia macho kamera. Saa mbili na nusu akauliza, "Kaka yako amenikasirikia?"

Jikoni, Fundi alisoma kumbukumbu za proksi kwenye simu yake. Majina ya walioingia yalikuwa pale, na la kaka halikuwamo. Aliichukia simu ile, akamchukia kaka, akamchukia zaidi yule asiyemjua, ambaye angalau alikuwa hakosi siku.

Akaandika jina lake mwenyewe, nenosiri, na zile tarakimu sita. Akaiinamisha kamera, akaiinua, mara mbili.

"Huyo!" mama akapaza sauti chumbani, mkono juu. "Fundi, njoo umwone kaka yako!"

"Namwona, mama," Fundi akajibu, meno yameumana.