Betri ya Joash

Watu wa Kendu Bay walimtania Mourine kuwa ameolewa na besi, ile sauti nzito ya kwaya. Mumewe Joash aliongoza kwaya kanisani, na akisema tu "lete chai", jirani wa pili naye alijua kumekucha. Kisha kiharusi kikampiga. Kikamwachia mkono wa kushoto, macho yake, na "te", neno lisilo na maana ambalo sasa lilikuwa chai, lilikuwa choo, lilikuwa maumivu. Daktari alisema huenda maneno yakarudi. Mourine alikata tamaa mapema, ila hakumwambia mtu.

Sauti ilikuwa imebaki kwenye simu. Joash alijirekodi kila wimbo kabla ya kuwafundisha wanakwaya, na katikati ya wimbo angemwita mkewe, amchokoze, acheke mwenyewe. Ilikuwa aifoni kuukuu. Namba ya siri aliijua yeye peke yake, na hakuweka nakala ya rekodi popote. Siku aliyoanguka, simu ilikuwa wazi mkononi mwake. Mourine akaiweka isijifunge, akaiacha kwenye chaja, akailinda kuliko alivyojilinda mwenyewe.

Lakini simu ilizidi kuwa nzito. Kugusa rekodi moja ni kungoja mpaka uchoke. Basi akaichukua mpaka Homa Bay, kwa Abdirahim fundi wa simu, akiwa ameishika wazi safari nzima, kidole mbali na kitufe cha pembeni.

Abdirahim alifungua ukurasa wa afya ya betri, akamgeuzia.

"Mama, ona hapa. Uwezo wa juu kabisa, sabini na moja kwa mia."

Mourine akashusha pumzi. "Sabini na moja si mbaya. Mtoto akileta hiyo nyumbani nachinja kuku."

"Hii si mtihani. Hata ukijaza mpaka mia, inabeba sabini na moja tu ya ile ilibeba ikiwa mpya. Chini ya themanini hiyo imechoka. Na soma hapa chini: simu ilishawahi kuzimika ghafla juu ya betri kushindwa kutoa nguvu simu ikitaka nyingi mara moja. Ndio maana sasa inajipunguza mwendo; huo ni ulinzi wake, isizimike tena."

"Alikuwa analalamika inamzimikia," Mourine alisema. "Halafu anaiwasha, anaweka namba."

"Namba unaijua?"

"Sijui."

Abdirahim akaondoa mkono kwenye bisibisi. "Basi leo siigusi. Kuweka betri lazima nizime, na ikiwaka itataka namba. Alama ya kidole peke yake haitasaidia. Kwanza tutume rekodi zote kwa simu yako, moja moja, ikiwa kwa chaja. Ikiisha, betri ni kazi ndogo."

Wakaanza. Rekodi ya kwanza ilijikokota ikafika. Adhana ya adhuhuri ikasikika, Abdirahim akasema anaswali anarudi, asiharakishe kitu. Hajafika mbali, stima ikapotea.

Mourine alitazama chaja iliyokufa. Betri ilionyesha thelathini na nane. Rekodi ya pili ilikuwa bado haijaenda nusu. Jamani, mtu ameketi na maisha yake yote yakivuja mkononi, unamwambia asiharakishe! Alirudi kwenye ule ukurasa. Mwisho wa maelezo palikuwa na neno dogo la buluu, la kuuzima ule ulinzi. Alikumbuka kwamba ndio unaopunguza mwendo. Sababu ya kupunguza, alikuwa ameisikia kwa sikio moja. Na sabini na moja, moyoni mwake, bado ilikuwa alama nzuri.

Akaligusa. Simu ikachangamka kama zamani. Rekodi ya pili ikaruka, akacheka peke yake dukani. Akagusa ya tatu, akasikia Joash akivuta pumzi ya kuanza wimbo, na kioo kikawa cheusi.

Abdirahim alirudi, akaangalia, hakumlaumu. Lawama ingekuwa afadhali. Stima iliporudi simu iliwaka yenyewe na kudai namba. Mourine alisema badilisha betri basi, na fundi akabadilisha vizuri kabisa. Ikawa simu nzima, iliyofungwa. Rekodi mbili zilizofika zilikuwa za kwaya ikipasha koo. Joash hayumo, alikuwa ameshika simu tu.

Nyumbani alimkalisha mumewe, akamwekea simu mapajani. Joash alifurahi kuiona. Akaweka kidole gumba, ikakataa, ikataka namba. Alizitazama zile tarakimu kwa muda mrefu. Akagusa moja, akafuta. Akagusa nyingine, akafuta.

Kisha uso wake ukatulia, kama mtu aliyepata jibu. Akainua simu kwa mkono wa kushoto, akampa mkewe.

"Te," alisema kwa upole, akangoja aifungue.