Juisi ya Majani ya Ngano kwa Mama

Mwaka ule Mama alipougua malaria na damu ikapungua, kila Ijumaa nikitoka kazini Musoma nilikuwa napanda gari kwenda Butiama kumhudumia. Nafua, napika, nachota maji, Jumapili jioni narudi nyumbani kwangu Makoko, hapohapo Musoma, mgongo ukiuma. Dada yangu anaishi Bunda na anauza vitenge sokoni. Alikuwa akipiga simu tu.

Jumamosi moja alikuja mwenyewe. Alibeba trei ya plastiki iliyojaa majani mabichi, membamba kama nyasi, na mashine ndogo ya kusagia ya mkono.

"Ni ngano hii," alisema kabla hata ya kukaa. "Naoteshaga chumbani kwangu. Mwenzangu wa kanisani ndiye alinifundisha. Inasafisha damu, inatoa sumu zote mwilini. Mama atainuka."

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kukosa nguvu ya kubishana. Asubuhi ya pili yake, kabla ya uji, aliyakata majani, akayasaga, akachuja kwa kitambaa. Ikatoka juisi ya kijani kibichi, nzito, yenye povu. Akajaza glasi na kumpelekea Mama kitandani.

"Ngoja nionje mimi kwanza," nikasema, nikaichukua.

Badala ya kuonja nilikunywa yote, na tumbo halikuwa na kitu. Ladha yake ilikuwa ya nyasi zilizokatwa muda huohuo, yenye utamu wa ajabu unaokwama kooni. Sikumaliza hata kuosha glasi. Kichefuchefu kilinipanda, mate yakajaa mdomoni, nikakimbilia nyuma ya nyumba kwenye mihogo na kutapika mpaka machozi yakanitoka.

Dada alinifuata na kikombe cha maji. "Usiogope, mdogo wangu. Hiyo ni sumu inatoka. Hata mimi mara ya kwanza ilinishika hivyo hivyo."

"Sumu gani, dada? Imetoka juisi yako."

Ndani, Mama aliita kwa sauti ndogo, "Leteni hiyo trei."

Tukampelekea. Aliinamisha uso juu ya majani, akanusa, akaurudisha nyuma. "Inanuka kama mahindi yaliyolowa ghalani."

"Ni mizizi, Mama," Dada alisema. "Inaotaga vinyweleo vyeupe, watu wanadhani ni ukungu. Ukinyunyizia maji vinalala, havionekani tena. Tazama."

Akatoa trei nje kwenye mwanga, akayatenganisha majani kwa vidole na kunyunyizia maji. Upande mmoja ilikuwa kama alivyosema: vile vyeupe vililala, ikabaki mizizi safi. Akahamia upande wa pili, mahali ambapo mbegu zilibanana. Akanyunyiza. Akanyunyiza tena. Pale chini ya majani palibaki utando kama wa buibui, wa kijivu unaoelekea bluu, na ulikuwa umeshikilia shina kwa shina.

Nilitegemea atabisha. Alikaa chini palepale mlangoni.

"Chumba changu hakina dirisha," alisema. "Na ninamwagiaga maji mengi, naogopa zitakauka. Na nimekuwa nikinywa hii kila siku."

"Kila siku? Kwa nini hukutuambia unaumwa?"

"Siumwi. Naogopa tu. Mama akiondoka nabaki na nani? Kuja hapa kumwona amelala nilikuwa siwezi. Nikaona nilete kitu."

Hasira niliyokuwa nayo tangu mwezi wa kwanza wa ugonjwa ilikuwa bado ipo, ila nilikosa nguvu za kuibeba. Tulifukia trei nzima shimoni, maana kukata sehemu iliyo nzuri hakusaidii ukungu ukishaingia.

Jumatatu sikwenda kazini. Tulimpeleka Mama hospitali pamoja. Dada mwenyewe ndiye aliyemweleza daktari habari za juisi, macho yake yakiwa chini. Daktari hakumcheka. Alisema damu husafishwa na ini na figo, wala juisi haiwezi kufanya kazi hiyo. Kuhusu kutapika kwangu, alisema hawezi kujua ni ule ukungu au ni juisi kali tu kwenye tumbo tupu, kwani wengi wanaoanza huchafukwa. Mgonjwa asiye na nguvu asipewe kabisa. Mama alipimwa damu, akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa ale maini, dagaa, maharage na mboga.

Njiani tukimrudisha Mama nyumbani, Dada alisema, "Wewe nenda Musoma. Nitakaa naye mimi."

"Na vitenge?"

"Vitakaa."

Nilifika Makoko mchana, nikalala na nguo zangu za safari. Simu ililia jioni. Alikuwa Dada, akinong'ona asimwamshe Mama, akiuliza Mama anapenda dagaa za kukaanga au za mchuzi.