Mapazia ya Mirriam

Mirriam, jirani yangu hapa mtaa wa Tena, alikuwa mwoga tangu siku ya kwanza nilipomjua. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa askari wa geti, hata stovu ya mafuta ya taa aliiwasha akiwa amegeuza uso. Nilikuwa nikimcheka. Lakini Julai ile alipata jambo la kuogopa kwa haki, na sikucheka.

Mama mkwe wake alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Kangema. Kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, basi mtoto wa Mirriam aliitwa Waruguru kama bibi yake, na bibi alimhesabu mtoto yule kuwa ni yeye mwenyewe. Alipokuja mara ya mwisho alimsikia akikohoa, akaona dirisha la chumba cha kulala linatiririka maji, akasema waziwazi kwamba akirudi akakuta kikohozi kile bado, ataondoka na mjukuu. Bedan, mume wa Mirriam, hakumtetea. Mbele ya mama yake Bedan ni kondoo.

Sasa mapazia ya dirisha lile, ya kijani yenye maua, yalikuwa yameingia ukungu. Vidoa vyeusi vilianzia kwenye pindo na kupanda mpaka nusu ya kitambaa. Mirriam hakutaka sisi majirani tuone. Asubuhi ya Jumamosi, Bedan alipokwenda kazini kwenye kiwanda cha mtaa wa Baba Dogo, alijifungia ndani na brashi kavu, akaanza kuyasugua hapo hapo yanaponing'inia, mtoto akiwa kitandani chini yake.

Nilisikia kilio cha Mirriam kupitia ukuta. Nilipogonga alifungua akiwa amembeba mtoto, na mtoto anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Chumba kizima kilikuwa na vumbi la ukungu, nami koo liliniwasha papo hapo. Nilishikwa na hofu, sifichi. Nilimvuta nje akiwa pekupeku, tukakaa kwenye hewa mpaka mtoto akapata pumzi na kuanza kulia vizuri.

"Atanichukulia mtoto, Mama Ochola," alisema.

Nilimgombeza kwanza, maana ndiyo tabia yangu nikiogopa. Nilimwambia ukungu haupigwi brashi ndani ya nyumba. Kisha niliingia mwenyewe, nikafungua dirisha, nikayashusha mapazia polepole, nikayakunja na kuyatoa nje. Tuliyapiga brashi mbali, tukiupa upepo mgongo, halafu tukayafua kwa sabuni na maji ya moto. Mirriam alitaka kutia Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Nikamkatalia, Jik ingekula ile rangi ya kijani na kumwachia vitambaa vya mabaka. Ilifaa kwa ukuta, tena peke yake, maana Jik na ndimu havikai beseni moja, hutoa hewa ya sumu. Mapazia tuliyapaka maji ya ndimu na chumvi kwenye kila doa, yakabaki kungoja jua.

Hapo ndipo alipokwama. Tangu suruali za Bedan ziibwe kambani, Mirriam hakuanika kitu nje. Nepi zote za mtoto zilikauka chumbani, kwenye kamba iliyopita mbele ya dirisha, na pazia likifungwa mchana kutwa ili wezi wasichungulie. Nilimuuliza maji ya nepi zile alidhani yanakwenda wapi. Aliogopa wezi, na kwa kuogopa wezi alikuwa amemlaza mtoto wake kwenye unyevu.

Jua la Julai ni la kubahatisha, lakini siku hiyo lilitoka. Alianika mapazia na nepi nje, akaketi kwenye kigoda chini ya kamba, mtoto mgongoni. Hakuthubutu kuondoka hata kwenda chooni. Ndani ukuta ulikuwa bado mweusi kwa ukungu na chakula hakijapikwa, na kila mwanamke aliyetokea getini na kikapu cha kiondo alimshtua, akidhani ni mama mkwe.

Mama mkwe alifika tukiwa hivyo. Aliangalia mapazia, ambayo yalikuwa bado na vivuli vya madoa, akaingia ndani, akakaa huko. Mirriam alinishika mkono mpaka ukaniuma. Bibi alipotoka alikuja moja kwa moja akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto."

Mirriam alifungua leso. Fundo lilimshinda, ikabidi nimsaidie. Mtoto alikuwa amelala kwenye joto la jua, na bibi alimwekea sikio kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaketi kwenye kile kigoda, mtoto mapajani.

"Nenda ukasugue ule ukuta," alimwambia Mirriam. "Hii kamba nitailinda mimi."