Hedwiga Aliyesoma Mpaka Yasiyolipwa

Watu wa karatasi siwapendi, na sababu ninayo. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu Lemburis aliniletea karatasi akasema ni ya matanga, ya kuandika waliochanga. Nikaweka dole gumba. Msimu uliofuata shamba letu la Kisongo lilikuwa na ukuta na geti la mtu mwingine, na kila ofisi niliyokwenda waliniambia, "Mama, uliridhia mwenyewe, dole hili si lako?" Ni langu. Mpaka leo nikiliangalia linaniuma.

Kwa hiyo mtu anapoulizwa nani amemtendea wema katika mji huu wa Arusha, mimi sina orodha ndefu. Ninaye Hedwiga.

Ni mwanamke wa Kibosho, Mkatoliki, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayekunywa chai moto mno. Alianza kazi akiwa msichana, akipiga taipu katika shirika moja la umma. Mashirika yalipoanza kuuzwa wakapunguzwa, naye akatoka na cheti cha shukrani na mashine mbovu ya taipu. Wenzake walirudi migombani. Yeye alizunguka ofisi za safari zilizokuwa zinafunguliwa kila mwezi, hadi akapata meza katika chumba cha ghorofani karibu na Mnara wa Saa, wakiuza tiketi za ndege, na baadaye bima. Zamani bima ilikuwa ya shirika moja tu la serikali. Sasa kampuni zilikuwa nyingi kama vibanda vya simu, na kila moja ilikuwa na kikaratasi chenye picha ya familia inayocheka.

Nilipanda ngazi zile Februari mwaka 2006. Binti yangu Anneth ni muuguzi huko Sweden, kanisa ndilo lililompeleka kusoma, akaolewa hukohuko na mwanaume wa melini. Mimba ya pili ilikuwa imekaa vibaya, daktari akapanga kumpasua Jumanne ya wiki ya tatu ya Machi, saa mbili asubuhi. Mume yuko baharini. Mtoto wa kwanza, Ezra, ana miaka miwili. Anneth alinipigia akasema, "Yeyo, mama yangu, sina wa kumwachia Ezra. Usipofika kabla ya Jumanne, watamchukua watu wa halmashauri wamlaze kwa wageni." Hapo sikuwa na la kufikiri. Mkwe akatuma nauli.

Hedwiga alinipangia ndege ya Jumamosi jioni kutoka KIA, nifike Stockholm Jumapili asubuhi, kisha nichukue treni kutoka palepale uwanja wa ndege mpaka mji wa Anneth, saa tatu na nusu za safari. Ubalozi ulitaka bima kabla ya viza. Akaniwekea karatasi mbele, na kisanduku cha wino.

"Sitii dole," nikamwambia.

"Shikamoo tena, mama," akacheka. "Kwa nini hutii?"

"Mpaka uisome. Yote. Na ile ya maandishi ya siafu kule chini."

Bosi wake alikuwa nyuma ya kioo. Akatoa kichwa. "Hedwiga, ukianza kumsomea mteja yasiyolipwa, nani atanunua?"

"Atanunua anayejua anachonunua, bosi," akajibu, akavuta kiti upande wangu. Tulikaa kutoka saa nane mpaka ofisi inafungwa. Alisoma kwa Kiingereza, anasimama, ananigeuzia kwa Kiswahili. Akikuta sentensi ngumu anatafuna kalamu, anairudia. Mimi sikwenda shule, lakini nikisikia kitu mara mbili hakitoki. Nilivishika kama ninavyowajua mbuzi wangu kwa rangi.

Kwanza tiketi ya treni. Nauli ya chini ilikuwa imefungwa kwenye treni moja, tarehe moja, saa moja. Ikiondoka bila wewe, tiketi imekufa, na hakuna anayekurudishia hata senti. Kulikuwa na nyongeza ya kulipia, ukiinunua unaweza kuhamia treni nyingine.

"Basi nikichelewa napanda inayofuata," nikasema.

"Hapana, mama Anneth. Hapo ndipo watu wanapoumia. Unabadilisha kabla treni haijaondoka. Ikishaondoka, nyongeza imekufa pamoja na tiketi. Na treni mpya ikiwa ghali zaidi unaongeza tofauti. Hairudishi pesa. Hailipi hoteli. Kazi yake ni moja."

"Na hii bima?"

"Bima inamlipa daktari ukiugua. Ukikosa treni kwa sababu ndege imechelewa zaidi ya saa sita, inalipa gharama ya ziada ya kukufikisha. Lakini wanataka barua ya shirika la ndege, yenye muhuri, iseme ndege ipi, saa ngapi, kwa nini. Bila barua, hakuna. Ukichelewa kwa sababu ulikuwa unaagana na watu, hakuna. Hasara uliyoweza kuizuia ukakaa kimya, hakuna. Na hata wakikubali, euro hamsini za kwanza unabeba mwenyewe."

"Kwa hiyo hasara ndogo ni yangu."

"Ni yako."

Nilimwangalia usoni. Hakuna mtu wa karatasi aliyewahi kuniambia jambo baya kabla sijatia dole. Nikanunua nyongeza, nikatia dole.

Jumamosi ile nilifika KIA saa nane mchana. Saa kumi na moja wakatangaza kuwa ndege imeharibika ilikotoka, tutaondoka kesho muda uleule. Watu wakapiga kelele, wakachoka, wakaanza kupanga mstari wa basi la kupelekwa hotelini Usa River. Mimi nilikwenda kaunta.

"Naomba barua," nikamwambia kijana wa shirika.

"Barua ya nini, bibi? Hoteli ni bure, chakula bure."

"Andika ndege ipi, saa ngapi, kwa nini. Na muhuri."

Nyuma yangu alikuwepo mwanaume mmoja wa Njiro, Injinia Sumari, anakwenda Sweden kama mimi, yeye kwa kozi, naye ana treni ya kupanda Jumapili hiyohiyo. Akacheka kwa sauti ili wengine wasikie. "Mama anataka cheti cha kuchelewa akaning'inize ukutani! Mama, una bima? Basi tulia. Bima inalipa kila kitu, ndiyo maana tunaikata."

"Yako umeisoma?" nikamuuliza.

"Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu."

"Sikuuliza hilo."

Kijana alichoka na mimi, akaandika, akagonga muhuri. Nikaikunja nikaiweka kifuani.

Iliyobaki ilikuwa treni. Treni yangu ilikuwa iondoke huko Sweden Jumapili saa nne na dakika ishirini asubuhi yao, ambayo kwetu ni saa sita na dakika ishirini mchana, na mimi saa hiyo nitakuwa bado Usa River. Ikiondoka kabla tiketi haijabadilishwa, nitashuka Stockholm Jumatatu na tiketi iliyokufa, lugha sina, na pesa mfukoni ya chai. Nikampigia Hedwiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Nilikuwa nimeanza kusema moyoni, ndiyo hao, wote ni akina Lemburis, simu ikapokelewa, nasikia ngoma na vigelegele.

"Mama Anneth! Samahani, mwanangu amepata kipaimara leo, nyumba imejaa. Kuna nini?"

Nikamwambia. Ngoma zikawa mbali, nadhani alitoka nje.

"Barua umechukua?"

"Ninayo."

"Safi. Sasa hivi huku Themi umeme hakuna, na mjini pia ni zamu yao ya mgao. Kesho nikitoka misa ya kwanza nakwenda ofisini. Kabla ya saa sita na dakika ishirini. Nimesikia."

Jumapili sikula. Saa nne Hedwiga alipiga akasema amefika ofisini, umeme umekatika tena, kompyuta haziwaki. Saa tano akapiga akasema duka la intaneti la jirani jenereta lake limekwisha mafuta. Sumari alikuwa anakunywa juisi kando yangu. "Unajisumbua, mama. Wewe pumzika." Nilikuwa namwona Ezra amebebwa na mtu asiyejua hata jina la kumbembelezea alale.

Baadaye nilikuja kusimuliwa alichofanya Hedwiga. Alishuka ngazi na viatu vyake vya kanisani, akatembea mpaka hoteli moja kubwa yenye jenereta, mlinzi akamzuia kwa kuwa si mgeni wao. Akamwambia, "Nina abiria, siyo mgeni. Niitie meneja." Meneja akampa kompyuta ya mapokezi kwa dakika kumi. Siti za bei ya chini Jumatatu zilikuwa zimekwisha, akachukua ya juu zaidi, tofauti akaiweka kwenye kadi ya ofisi bila kumuuliza bosi.

Saa sita kasoro dakika kumi simu yangu ikalia. "Jumatatu, mama. Saa ileile ya asubuhi. Behewa la nne, siti ya dirishani."

Nililia pale hotelini mbele ya watu, nami si mtu wa kulia. Sumari akaweka glasi chini. "Umebadilisha? Kwani inabadilishwa kabla?" Akatoa karatasi zake, akazisoma kwa mara ya kwanza. Tiketi yake haikuwa na nyongeza, ingekufa tu. Lakini nilimwambia akachukue barua. Siku ile tulipofika uwanjani alikimbia kaunta kuliko watoto. Hakunishukuru, wasomi hawana kawaida hiyo.

Nilifika kwa Anneth Jumatatu alasiri. Alikuwa amesimama stesheni kwenye theluji, tumbo mbele, Ezra amemshika koti. Jumanne saa mbili kasoro walipomvuta kitanda kuingia chumba cha upasuaji, Ezra alikuwa mgongoni kwangu kwa kanga, analalamika, halafu akalala. Mama alitoka salama, mtoto salama.

Niliporudi Juni nilipanda tena ngazi zile. Sumari, kumbe naye alikata bima ya kampuni ileile, alikuwa amelipwa: tiketi mpya aliyonunua stesheni ilikuwa ghali, ikazidi zile euro hamsini, na barua alikuwa nayo. Mimi sikulipwa. Tofauti ya nauli, ambayo mkwe alishairudishia ofisi, ilikuwa euro thelathini na mbili. Hedwiga alinisomea barua ya kampuni ya bima neno kwa neno, sauti yake imeshuka kama mtu aliyenikosea.

"Samahani, mama Anneth."

"Ya nini? Uliniambia ni yangu."

Karatasi ile ya bima ndiyo ya kwanza maishani mwangu iliyofanya kile nilichoambiwa itafanya, na kunyima kile nilichoambiwa itanyima. Nilimwomba anipe niende nayo nyumbani. Akaniuliza ya nini na haina hela. Nikamwambia wanangu wakija nitawasomea, maana naijua kwa moyo.